Koko anaangalia nani? Kamera na tele wakati wa kuongea kwa video

Maneno yaliyosemwa na muhudumu wa uwanjani mbele ya wanamemba wa Butembo na wale waliotoka Beni. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Kamati iliniomba niongee juu ya kitu kimoja: namna ya kuongea kwa video kupitia tele, ili familia nzima ione na ionekane, pahali pa watu saba kusongana mbele ya simu moja. Munajua wenyewe kwa nini jambo hili limefika hapa. Wengi kati yenu mumerudi, lakini hamukurudi wote. Kuna wenye kubakia Kyangwali na Kampala, kuna wenye kuwa Oicha, kuna wenye kuwa Bunia. Mambo ya familia hayangojei barabara itulie. Kuna matanga, kuna mahari, kuna shamba la kugawa. Kwa hiyo tunafanya kikao kwa video.

Leo sitaongea vyote. Nitaongea zaidi pahali pa kuweka kamera, kwa sababu pale ndipo kikao kinaharibika bila watu kujua kilichokiharibu. Lakini kwanza niwaambie gisi tele na kamera vinaungana, maana ukikosea pale utatupa feza.

Nianze na kosa lenye kuuzwa sokoni. Mutu ananunua kamera ndogo ya USB, anarudi nyumbani, anaichomeka nyuma ya tele kwenye tundu la USB. Taa ndogo ya kamera inawaka. Anafurahi. Anatafuta sura yake kwenye tele, haioni. Anarudi kugombana na muuzaji. Jameni, tundu la USB kwenye tele nyingi limetengenezwa kwa kusoma kle ya USB yenye muziki na filme, basi. Linatoa umeme, ndiyo maana taa inawaka, lakini tele yenyewe haijui kamera ni kitu gani. Taa kuwaka si alama kwamba kamera inafanya kazi. Alama ni moja tu: kuona sura yako.

Kuna kosa la pili, la tele za okazyo. Tele kadhaa zilizotengenezwa miaka ya 2010 na kuendelea zilikuwa na Skype ndani, na kamera yake ya kuuzwa pembeni. Hata leo unaweza kukuta jina hilo kwenye karton. Lakini Skype ya kwenye tele iliacha kuhudumiwa mwaka 2016, na Skype yote ilifungwa mwezi wa tano mwaka 2025. Mutu akikuongezea bei juu ya jina hilo, anakuuzia mulango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Sasa njia zenye kufanya kazi kwetu ni mbili, na moja ya tatu yenye masharti.

Njia ya kwanza ni simu yenyewe. Simu inabakia simu: ndiyo yenye kamera, ndiyo yenye rezo, ndiyo yenye WhatsApp. Tele inaonyesha tu kile kilicho kwenye kioo cha simu. Kwenye tele ya kisasa unatafuta maneno `Screen Mirroring`. Kwenye simu unatafuta `Smart View` kama ni Samsung, ao `Cast` kwenye simu nyingine nyingi. Kama tele na simu vinaongea moja kwa moja, picha inapita hewani kati yao bila kula mega hata moja. Mega zinaliwa na simu ya WhatsApp tu, sawasawa na vile ungeongea bila tele. Kwa simu za bei ndogo, kazi hii wakati mwingine haimo. Usibishane nayo, azima simu ya mutoto wa jirani ujaribu kabla ya kulaumu tele.

Njia ya pili ni ordinateri. Unaiunga na tele kwa kabo ya HDMI, na kamera ya USB unaichomeka kwenye ordinateri, si kwenye tele. Kwenye mashini ya Windows unafinya `Windows + P`, unachagua `Dupliquer`, na tele inaonyesha kila kitu. WhatsApp ya kwenye ordinateri inapiga video bila shida. Baadaye ingia ndani ya WhatsApp yenyewe, uchague kamera ya USB, kwa sababu mara nyingi inachukua ile ndogo ya kwenye mashini, yenye kuangalia ukuta.

Njia ya tatu ni kasha la Android ao tele ya Android, yenye kukubali kamera fulani za USB, na programu fulani za video. Sharti lake: WhatsApp haikutolewa kwa ajili ya tele, kwa hiyo lazima na wale wa ngambo ingine wakubali kutumia programu ingine. Na kabla ya kulipa, beba kasha mpaka kwa muuzaji wa kamera, chomeka, fungua programu, uone sura yako pale pale. Kama hukuiona pale dukani, hutaiona nyumbani.

Mimi ninawashauri ile ya kwanza, na sababu ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya kikao, tele inazimika, lakini simu inabakia na betri yake na rezo yake. Munasogea karibu, munaendelea kuongea. Kwa kasha la Android, kila kitu kinaanguka pamoja, na wale wa Kampala wanabakia kuuliza, "Kuko nini huko?" Kwa watu wetu, kimya cha gafula kina maana yake, munajua. Tusiwape presha bure.

Basi tufike kwa kamera.

Nitawaeleza familia moja ya hapa Butembo, upande wa Bulengera. Sitataja jina. Koko, mama muzee wa miaka zaidi ya 70, alikuwa na shamba upande wa Beni. Alitaka kusema mbele ya watoto wake wote kwamba sehemu moja ya shamba analima mujane wa mutoto wake aliyekufa, na hakuna mwenye kumuondoa pale. Watoto wawili wa kiume wako Uganda, binti mumoja yuko Oicha. Mujukuu alitengeneza vizuri: tele ya inchi 43, simu imeungana, picha safi, sauti safi. Simu aliiegemeza kwenye meza ndogo kando ya ukuta, upande wa kuume wa tele, kwa sababu pale ndipo kulikuwa prizi ya kuchaji.

Koko aliongea karibu dakika ishirini. Aliongea vizuri, na alimaliza akilia. Kisha mutoto wake mukubwa, kutoka Uganda, akasema maneno haya: "Mama, ni nani huyo unayemuangalia? Ni nani anakuambia maneno ya kusema?"

Watu walishtuka. Hakukuwa mutu. Koko alikuwa anaangalia tele, anaangalia sura ya huyo huyo mutoto wake. Lakini kamera ilikuwa pembeni. Kule Uganda walichokiona ni shavu la koko, na macho yake yamekaza upande mumoja, kila mara anarudi pale pale, sawa mutu mwenye kusoma uso wa mwenye kumufundisha. Na pahali pale alipoangalia, mujane ndiye alikuwa mutu wa kwanza wa kuwaziwa. Kikao kilivunjika. Si kwa sababu ya chuki. Kwa sababu ya meza ndogo.

Tuhesabu pamoja, ni hesabu ndogo. Koko alikaa mita mbili na nusu mbele ya tele. Simu ilikuwa mita moja na sentimita 20 kutoka katikati ya tele. Hiyo inafanya pembe ya digri karibu 26 kati ya kile anachokiangalia na jicho la kamera. Hamuna chombo cha kupima digri? Munacho, ni mukono wenu. Nyosha mukono mbele kabisa, funga ngumi, fumba jicho moja. Ngumi yako, kutoka upande mumoja mpaka mwingine, inafunika digri karibu 10. Inafaa kwa mutu mukubwa na kwa mutoto pia, kwa sababu mwenye mukono mufupi ana ngumi ndogo. Kwa hiyo kamera ya koko ilikuwa ngumi mbili na nusu mbali na sura ya mutoto wake.

Kanuni yangu ni hii: kaa pale mutu atakapokaa, nyosha ngumi, na kati ya sura yenye kuonekana kwenye tele na kamera kusipite ngumi moja. Ikizidi ngumi moja, watu wa ngambo ingine wanaona mutu mwenye kuangalia pengine.

Lakini ngumi moja upande gani? Hapa kuna jambo lenye kushangaza kidogo. Mwaka 2002 mutafiti Milton Chen, wa chuo kikuu cha Stanford, alipima ni wakati gani mutu wa kwenye video anahisiwa kwamba anatuangalia machoni. Alikuta kwamba tunakuwa wakali sana macho yakienda kushoto, kuume, ao juu, hata kidogo tu. Lakini macho yakishuka chini kidogo ya kamera, tunasamehe. Tunaona bado anatuangalia. Maana yake kwetu ni nyepesi: kamera ikae juu ya tele, katikati, ili macho ya mutu yashuke kidogo chini yake. Isikae kushoto, isikae kuume. Na chini ya tele ni mbaya kuliko juu, kwa sababu pale macho yanapanda juu ya kamera, na mutu anaonekana sawa mwenye kuangalia dari wakati unamuuliza neno.

Kwa familia ile tulihamisha simu, tukaiweka juu ya tele katikati. Kutoka sura ya mutoto kwenye kioo mpaka kwenye kamera ilikuwa karibu sentimita 30. Kwa mita mbili na nusu, hiyo ni digri 7, haifike ngumi moja. Koko hakubadilisha kitu. Aliketi kiti kile kile, aliangalia tele ile ile. Lakini safari hii kule Uganda walimuona uso mzima, macho yake kwao.

Tele za sasa ni nyembamba sawa kitabu, simu haisimami juu yake. Musiifunge kwa kamba ya viatu, itaanguka katikati ya maneno. Muombe fundi wa mbao akate kibao cha upana wa mukono, muweke kwenye ukuta vidole viwili juu ya tele, na ukingo mudogo mbele ili simu isiteleze. Simu ilale kwa ubavu, si kusimama, kwa sababu watu wakiketi pamoja wanakuwa wapana, si warefu. Kama ni kamera ya USB, nyingi zina mukono wa kukunja wenye kushika tele yenyewe. Kabo yake huwa fupi, mita moja na nusu hivi, kwa hiyo ordinateri ikae karibu na tele.

Kuna hila moja kwa wenye kutumia simu. Mukitumia kamera ya mbele, kioo cha simu kinawaangalia, na watoto wataangalia kile kioo kidogo pahali pa tele. Munaweza kugeuza simu ili mugongo wake uwe kwenu, na ndani ya WhatsApp kufinya alama ya kubadilisha kamera. Kamera ya mugongo kwa kawaida inaona vizuri zaidi, sana sana usiku. Na hamupotezi kitu, kwa kuwa kile kilicho kwenye kioo cha simu munakiona kwenye tele.

Sasa urefu kutoka chini. Kamera iwe sawa na macho ya wenye kuketi. Kwenye kiti cha kawaida macho ya mutu mukubwa yako karibu mita 1 na sentimita 10 ao 20 kutoka kwenye saruji. Tele ya inchi 43 ikiwa juu ya meza fupi, juu yake inafika karibu pale pale. Vizuri. Shida ni zile tele zenye kutundikwa juu karibu na dari, kama kwenye nganda. Mukiweka kamera juu ya tele hiyo, wa Kampala wataona vipara na vitambaa vya kichwa. Kwa tele hiyo, na hiyo tu, wekeni kamera kwenye ukingo wa chini, ao shusheni tele. Kushusha ni bora: misumari miwili na nusu saa ya kazi.

Umbali. Ukikaa karibu sana, mita moja tu, ile ngumi moja inajaa haraka na pembe inakuwa kubwa. Ukikaa mbali sana, uso unakuwa mudogo na sauti inapotea. Mita mbili mpaka mbili na nusu ni pazuri kwa tele za nyumbani. Kujua ni watu wangapi wanaenea, musipige hesabu: fungueni kamera, watoto wawili wasimame katikati, kisha kila mumoja atembee upande wake polepole mpaka apotee kwenye picha. Weka alama ya chaki pale walipopotea. Viti vyote viwe ndani ya chaki. Mutu mwenye kukaa inje ya chaki hayuko kwenye kikao, hata kama anapiga kelele kuliko wote. Na muzee mwenye neno akae katikati. Msimuweke pembeni kwa heshima ya kiti kizuri.

Mwangaza. Dirisha lisiwe nyuma ya watu. Kamera inaona dirisha, inadhani chumba kinang'aa, inapunguza mwanga wake, na nyuso zenu zinakuwa kivuli. Alama yake: munaona miti ya inje vizuri, lakini hamuoni macho ya mutu. Fungeni rido ya nyuma, ao geuzeni viti ili dirisha liwe upande wa tele ao kando. Usiku ni vile vile: taa, hata ile ya jua, iwekwe upande wa tele, nyuma ya kamera, imulike nyuso. Ikiwekwa mezani kati ya watu na kamera, itakuwa yenyewe ndiyo mugeni wa heshima.

Sauti, na hapa niongee polepole. Simu ikiwa juu ya tele, mikro yake nayo iko mita mbili na nusu mbali na koko. Itasikia chumba kizima: sahani, kuku, mutoto. Tena kwenye simu nyingi za Android, wakati wa WhatsApp picha inaenda kwenye tele lakini sauti inabakia kwenye simu. Watu wanadhani imeharibika. Haikuharibika, ndiyo gisi ilivyotengenezwa. Dawa ni bafle ndogo ya blutufu yenye mikro ndani, ile watu wanatumia kupokea simu. Unaiunga na simu, unaiweka kwenye kiti kidogo katikati ya watu, mbele ya koko, chini ya picha. Macho ya kikao yanakaa juu ya tele, masikio na mdomo vinakaa kati ya watu. Kamera na mikro si lazima vikae pamoja. Ni sisi tumezoea hivyo kwa sababu ya simu ya mukononi.

Kwa wenye ordinateri, sauti hupita kwenye HDMI na kutokea kwenye tele. Basi wale wa ngambo watajisikia wenyewe wakirudia maneno yao nyuma. Wakiwaambia "ninajisikia", kosa liko kwenu, si kwao. Punguzeni sauti ya tele mpaka ukomo wa kusikia, ao sogezeni mikro mbali na tele. Na mvua ikipiga mabati, hakuna dawa. Mvua yetu mara nyingi inakuja saa za mchana. Wekeni kikao asubuhi.

Juu ya mega: siwezi kuwapa namba moja ya kweli kwa simu zote, kwa sababu inabadilika kufuatana na rezo na idadi ya watu. Lakini mutapima wenyewe. Pigeni video ya dakika tano siku moja mbele. Kabla na kisha, fungueni WhatsApp, `Paramètres`, `Stockage et données`, `Utilisation réseau`, muangalie namba ya simu za sauti na video. Tofauti yake muigawe kwa tano, kisha muzidishe kwa dakika za kikao. Feza ya forfe itoke kwa hesabu hiyo, si kwa kukisia.

Na jaribio hilo la dakika tano lifanyeni na viti vikiwa tayari, saa ile ile ya kikao, kwa sababu mwangaza wa saa tatu si wa saa kumi. Mutu wa ngambo aulizwe maswali mawili tu: "Unaona macho ya koko? Anakuangalia wewe?" Musimuulize kama picha ni nzuri. Atawajibu ndiyo kwa heshima.

Bado mambo mawili yenye kuhusu usalama na uaminifu.

La kwanza: simu ikiwa kwenye tele, kila kitu chake kiko kwenye tele. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, jirani mwenye kuketi atasoma ulipokea ngapi. Wekeni simu kwenye `Ne pas déranger` kabla ya kuunga. Na muangalie nyuma ya watu kamera inaonyesha nini: mulango, mifuko, njia ya parsele. Wale mnaoongea nao ni ndugu, lakini hamujui nani ameketi nyuma yao, wala nani ataonyeshwa picha kesho. Ukuta mutupu, ao kitambaa kimetundikwa, inatosha.

La pili ndilo lililorudisha amani kwa familia ile ya Bulengera. Siku ya kikao cha pili, kabla koko hajafungua mdomo, mujukuu alitoa simu kwenye kibao, akaizungusha polepole chumba kizima: viti vyote, mulango, na pia upande wa nyuma ya kamera, pale pasipoonekana kikao kikianza. Kila mutu alitaja jina lake. Kisha upande wa Uganda nao wakazungusha simu yao, na Oicha pia. Mujane alihamishwa, akaketi mbele ndani ya chaki, pembeni ya koko, ili aonekane wakati wote. Ndipo simu ikarudi juu, na haikuguswa tena mpaka mwisho.

Mutoto mukubwa aliomba mama yake arudie neno moja tu, lile la mujane na sehemu ya shamba. Koko akarudia. Mutoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa ninaona ni wewe unasema." Maneno ya koko hayakubadilika kati ya kikao cha kwanza na cha pili.

Lakini muelewe mupaka wake. Kikao cha video si karatasi. Familia ile iliandika maneno ya koko, mashahidi walioketi pale wakatia saini, karatasi ikapelekwa kwa wakubwa wa kijiji na kopi ikatumwa kwa wale wa Uganda. Video iliwafanya wakubali. Karatasi ndiyo itasimama siku koko hayupo. Na kama kati ya watu kuna mwenye kuogopa, mwenye hawezi kusema mbele ya wengine wa chumbani, kamera nzuri haitamusaidia. Huyo apewe simu mukononi, aende peke yake kwenye chumba kingine, asemeshwe na mutu anayemuamini.

Mwenye tele nyumbani na anataka tupime pamoja, tuonane kisha ya kikao. Nitakuja na mita na chaki. Ngumi kila mutu anayo.